Nyufa 134 na Mifupa Sita ya Samaki

Siku ya makabidhiano ya nyumba, msafara hupita chumba kwa chumba. Mbele kuna mhandisi mshauri na chaki yake, nyuma msimamizi wa mkandarasi na daftari, na pembeni mwakilishi wa mwenye mali. Ufa ukionekana, chaki inapiga duara. Marumaru ikigongwa ikatoa sauti ya utupu, chaki inaweka msalaba. Jioni daftari limejaa, na kesho yake mafundi wanatumwa kuziba, kubandua, kupaka upya. Wakimaliza, awamu ya pili ya nyumba inaanza kujengwa vilevile kama ya kwanza, na baada ya miezi michache chaki inarudi kupiga duara palepale.

Daftari lile lina majibu, ila watu hulitumia kama orodha ya kazi za marekebisho tu. Kuna vifaa viwili vya karatasi na kalamu vinavyoweza kulisomesha: chati ya Pareto, na mchoro wa sababu na matokeo ambao wengi huuita mfupa wa samaki. Vinafundishwa karibu katika kila kozi ya usimamizi wa miradi, na mara nyingi vinafundishwa kama vitu viwili tofauti, kila kimoja na ukurasa wake. Hapo ndipo vinapoharibikiwa. Mfupa wa samaki peke yake ni orodha ya tuhuma, na chati ya Pareto peke yake ni orodha ya dalili. Vinafaa vikitumika kwa zamu, kimoja kikimuuliza mwenzake.

Tufuate mradi mmoja wa mfano. Hesabu zake nimezipanga mwenyewe ili mwendo wa kazi uonekane, lakini kasoro zenyewe na sababu zake ni zile ambazo fundi yeyote wa ujenzi anazijua. Mradi ni wa nyumba 100 za watumishi pembezoni mwa jiji la Dodoma, mahali pa jua kali, upepo na maji ya kununua. Nyumba 40 za awamu ya kwanza zimekaguliwa. Daftari lina kasoro 320. Nyumba 60 bado hazijaanza kupigwa lipu.

Hatua ya kwanza ni kuzigawa kasoro kwa aina na kuzihesabu. Nyufa na mabanduko ya lipu ni 134. Marumaru zenye utupu chini au zilizopishana kimo ni 70. Mabomba yanayovuja ni 42. Rangi isiyolingana ni 30, milango na madirisha yasiyofunga vizuri ni 24, hitilafu za umeme ni 12, na mambo mengineyo ni 8. Sasa chora. Kwenye karatasi ya miraba, mstari wa kushoto unapanda kutoka 0 hadi 320, yaani jumla ya kasoro zote. Nguzo za chati zinapangwa kuanzia ndefu kwenda fupi, lipu ikiwa ya kwanza kushoto, na ile ya “mengineyo” inakaa mwisho kulia hata ikiwa si fupi kuliko zote. Upande wa kulia unachora mstari mwingine wa asilimia, na 100 yake lazima ilingane kimo na ile 320 ya kushoto. Wengi hukosea hapa, hasa kompyuta inapowachagulia vipimo yenyewe, na chati inaanza kudanganya macho. Kisha unajumlisha ukienda: lipu peke yake ni asilimia 42, ukiongeza marumaru unafika 64, ukiongeza mabomba unafika 77, rangi inakupeleka 86, na mkunjo unaendelea kulala hadi unagusa 100. Unaangalia mahali mkunjo unapoacha kupanda kwa kasi. Nguzo zilizo kushoto kwa mahali hapo ndizo za kushughulikia kwanza.

Chati hii ina jina la Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Kiitaliano aliyeishi kati ya 1848 na 1923 na kuandika juu ya mgawanyo wa mali na kipato: wachache wanashika sehemu kubwa. Hakuwahi kuandika habari za kasoro za kiwandani. Aliyelibeba jina lake na kulipachika kwenye ubora ni Joseph Juran, mhandisi mzaliwa wa Romania aliyekulia Marekani, katika kitabu chake cha udhibiti wa ubora cha mwaka 1951. Juran aliona mgawanyo uleule usio sawa kwenye kasoro: aina chache zinabeba hasara nyingi. Mwaka 1975 aliandika makala ya kukiri kwamba alimpa Pareto sifa isiyo yake, kwa kuwa yeye Juran ndiye aliyelitanua wazo hilo nje ya mambo ya utajiri.

Lipo neno maarufu la “80 kwa 20”, kwamba asilimia 80 ya matatizo hutokana na asilimia 20 ya sababu. Lichukue kama kumbukumbu ya kawaida, usilichukue kama sheria. Katika mradi wetu aina 3 kati ya 7 zinabeba asilimia 77, na hakuna ubaya wowote. Nimeona watu wakisogeza aina za kasoro huku na huku hadi wapate 80 kamili, kana kwamba namba hiyo inatoa baraka. Jambo la kuhangaikia ni chati iliyo bapa, ambayo nguzo zote zinakaribiana. Hiyo inakuambia kwamba umezigawa kasoro kwa namna isiyofaa. Labda umezigawa kwa namba ya nyumba wakati ungezigawa kwa aina ya kazi, au kwa fundi wakati ungezigawa kwa siku. Zigawe upya, uchore tena. Na nguzo ya “mengineyo” ikishika nafasi ya pili au ya tatu kwa urefu, mkaguzi wako hakuandika vya kutosha, rudi ukaitenganishe.

Kabla ya kumtazama samaki, kuna swali ambalo chati ya kwanza hailijibu: tunahesabu kitu gani? Ufa mmoja wa lipu na bomba moja linalovuja ndani ya ukuta vimehesabiwa sawa, kila kimoja kasoro moja. Tuseme kuziba ufa na kupaka rangi upya ni shilingi 15,000, kubadilisha marumaru ni 40,000, na kuvunja ukuta, kurekebisha bomba na kurudishia lipu ni 120,000. Zilizobaki ni kati ya 20,000 na 30,000 kila moja. Ukizidisha, nguzo zinabadilishana nafasi. Mabomba, yaliyokuwa ya tatu, yanapanda juu kwa zaidi ya shilingi milioni 5. Marumaru zinafuata kwa milioni 2.8, na lipu iliyokuwa kinara inashuka hadi ya tatu kwa milioni 2 na ushei. Daftari ni lilelile, na picha ni nyingine kabisa. Kwa hiyo chora chati mbili, ya idadi na ya gharama, uziweke ubavu kwa ubavu kabla ya kumwita mtu yeyote kikaoni.

Hata gharama haitoshi kila wakati. Katika zile nyufa 134, tutaona baadaye, zimo 6 zilizokatiza mshazari na kupasua tofali lenyewe. Kwa idadi ni kitu kidogo mno, na chati yoyote itazisukuma mkiani. Lakini ufa wa namna hiyo unaweza kuwa dalili ya msingi unaotitia, na nyumba ile inamhitaji mhandisi siku hiyohiyo. Chati ya Pareto hupanga kwa wingi au kwa fedha. Hatari inapangwa na mtu anayeijua kazi, kabla ya chati.

Kwa upande wa mabomba, mradi wetu hauhitaji samaki. Ukiuliza kama mabomba yalijaribiwa kwa shinikizo kabla ya kufunikwa na lipu, na jibu likawa hapana, dawa iko wazi: pampu ya mkono, shinikizo la mara moja na nusu ya lile la matumizi, subiri, tazama kipimo kama kinashuka, na ukuta usifungwe kabla ya saini. Kuwakusanya watu kuchora mifupa kwa jambo ambalo kila mtu analijua ni kupoteza saa zao. Samaki huitwa pale ambapo tatizo ni kubwa na kila mmoja ana maelezo yake. Kwenye lipu, ndivyo ilivyo. Mhandisi mshauri anasema mchanga una udongo. Mkandarasi anasema mafundi wa siku hizi hawajui kazi. Mafundi wanasema saruji ya safari hii ni mbovu. Mwenye mali anasema wote wanaiba saruji.

Mchoro wa sababu na matokeo ulibuniwa na Kaoru Ishikawa, profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aliyezaliwa 1915 na kufariki 1989. Inasimuliwa kwamba aliutumia kwa mara ya kwanza mwaka 1943 akiwaeleza wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Kawasaki jinsi mambo mengi yanavyoungana kuzaa matokeo mamoja. Unachora mshale mrefu wa kulala unaoelekea kulia. Huo ni uti wa mgongo. Kwenye ncha yake unaandika tatizo. Hicho ni kichwa. Juu na chini ya uti unachomeka mifupa mikubwa, na kila mfupa mkubwa unabeba midogo.

Kichwa kina kazi kuliko watu wanavyodhani. Ukiandika “ubora duni wa lipu”, kila kitu kitaingia na hakuna kitakachotoka. Andika kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukiona na kukihesabu: “Nyufa kwenye lipu zinazotokea ndani ya siku 60 tangu ipigwe.” Na hata hapo bado tunaweza kunoa zaidi. Kabla ya kikao, mtume mtu arudi kwenye nyumba zile na zile nyufa 134 azigawe kwa umbo, kwa sababu ufa una umbo linalosema ulikotoka. Nyufa ndogondogo zilizosambaa kama wavu usoni mwa lipu ni za kusinyaa: lipu imekauka haraka mno, au ina saruji nyingi mno, au mchanga una tope. Ufa ulionyooka unaofuata ukingo wa nguzo ya zege au mkanda wa juu unatokea pale ambapo tofali na zege, vitu viwili vinavyotanuka na kusinyaa tofauti, vimefunikwa na lipu moja bila waya wa kuishika. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha kwenda juu kwa mshazari unaonesha nguvu iliyojikusanya penye kona, mara nyingi lenta haikuingia ukutani vya kutosha. Na ule unaopasua tofali, tumeshausema.

Hesabu ya umbo inatoka hivi: za wavu 71, za ukingo wa nguzo na mkanda 43, za pembe za madirisha 14, za kupasua tofali 6. Hii nayo ni chati ya Pareto, ndani ya ile nguzo ndefu ya kwanza. Aina mbili za mwanzo zinabeba asilimia 85 ya nyufa zote, na tayari ugomvi wa kikaoni umepungua, kwa sababu mchanga mbaya hauwezi kuchora mstari mnyoofu kando ya nguzo. Sasa tunajua tuna samaki wawili. Wa ukingo wa nguzo ana mfupa mmoja mkubwa ulio wazi: wavu wa waya haukuwekwa kwenye maungio. Wa nyufa za kusinyaa ndiye wa kukaa naye.

Vitabu vingi vinakupa mifupa sita mikubwa: watu, mitambo na zana, malighafi, njia ya kazi, vipimo, na mazingira. Ni mwanzo mzuri, hasa kwa kuwa unawalazimisha watu kutazama pande ambazo wasingezitazama. Kwa kazi ya ujenzi, hata hivyo, napendelea namna nyingine ambayo Ishikawa mwenyewe aliitaja: mifupa mikubwa inafuata hatua za kazi, kutoka mkiani hadi kichwani. Kuchekecha mchanga, kupima na kuchanganya, kuandaa ukuta, kupiga, kusawazisha, kumwagilia. Fundi anayeitembea kazi kwa hatua anakumbuka vitu ambavyo asingevikumbuka akiulizwa “malighafi ina shida gani?”

Kikao kiwe cha watu wachache wanaoigusa kazi. Msimamizi, mafundi wawili wa lipu, saidia fundi anayechanganya, mtunza stoo, na dereva wa boza la maji. Dereva watu humsahau, na katika mradi huu ndiye anayejua jambo ambalo wengine hawalijui. Kuna tabu moja ya kwetu inayopaswa kusemwa wazi: bosi akizungumza kwanza, kikao kimekwisha. Kibarua hatampinga msimamizi mbele ya watu, atakubali kwa kichwa na kwenda zake. Kwa hiyo gawa vikaratasi, kila mtu aandike au amwambie jirani yake amwandikie tuhuma zake kimyakimya, kisha vibandikwe kwenye mchoro bila kutaja nani kaandika nini. Msimamizi aandike na vyake, lakini asisome mtu wa kwanza.

Chini ya kila tuhuma unauliza kwa nini, na tena kwa nini. Mfupa wa kumwagilia unaweza kuenda hivi. Lipu haikumwagiliwa. Kwa nini? Maji hayakuwepo. Kwa nini? Boza linakuja kila baada ya siku mbili, na maji yanaishia kwenye zege. Na siku maji yalipokuwepo? Hapo kwa kawaida panapita ukimya, halafu saidia fundi anasema, “Bosi, kumwagilia si kazi ya mtu.” Fundi analipwa kwa mita ya mraba aliyoipiga. Kibarua analipwa kwa siku aliyomsaidia fundi. Akishasawazisha ukuta fundi ameshapata mita zake, na asubuhi yake wote wako nyumba nyingine. Kumwagilia kumeandikwa kwenye masharti ya mkataba, ila hakumo kwenye malipo ya mtu yeyote.

Mwisho wa kikao mchoro wetu una tuhuma zipatazo ishirini hivi: mchanga wenye tope, saruji iliyokaa stoo muda mrefu, ndoo za kupimia zisizolingana, maji mengi kwenye mchanganyiko, mchanganyiko uliokaa saa nyingi ukaongezwa maji, ukuta usiolowanishwa, lipu nene iliyopigwa kwa tabaka moja, jua la mchana, upepo, kutomwagilia. Sasa linakuja kosa ambalo nadhani limeharibu michoro mingi ya aina hii kuliko jingine lolote. Watu wanapiga kura. Kila mmoja anaweka alama kwenye tuhuma anazoziamini, alama zinahesabiwa, na hesabu hiyo inachorwa kwa nguzo na kuitwa chati ya Pareto. Ina sura ya chati ya Pareto, lakini imepima maoni ya watu sita chumbani. Haikugusa ukuta hata mmoja. Kura inafaa kuchagua tuhuma gani ichunguzwe kwanza, na hapo ikome.

Tuhuma za mchoro wetu zinachunguzika kwa vitu vilivyopo kazini. Tuanze na mchanga, kwa kuwa ndio uliotajwa na mhandisi. Chukua chupa ya kioo iliyonyooka, jaza mchanga hadi katikati, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache itulie saa kadhaa. Mchanga unakaa chini na tope linatanda juu yake kama tabaka la rangi nyingine. Pima kwa rula. Tope likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mchanga huo una mashaka na unapaswa kupelekwa maabara au kuoshwa. Tuseme lori 5 zimepimwa na zote ziko chini ya 5. Tuhuma ya mchanga haijafutwa kabisa, lakini imesogea mbali.

Mafundi je? Vikundi vitatu vilipiga lipu. Kikundi cha kwanza kina nyufa za wavu 30, cha pili 27, cha tatu 14. Ukiishia hapo utakitimua cha kwanza na kukisifu cha tatu. Sasa uliza kila kikundi kilipiga nyumba ngapi: 16, 15 na 9. Gawanya. Ni karibu nyufa 1.9 kwa nyumba, 1.8 na 1.6. Tofauti ni ndogo. Kikundi cha tatu kimefanya kazi kidogo tu kuliko wenzake. Nguzo ndefu kwenye chati huweza kuwa ni ya mtu aliyefanya kazi nyingi, na kumwadhibu mtu huyo ni dhuluma iliyovishwa takwimu. Kila unapolinganisha watu, mashine au wasambazaji, gawanya kwanza kwa kiasi cha kazi.

Ishikawa alisisitiza sana swali la kutawanyika: kwa nini kasoro iko hapa na haiko pale? Nyufa 71 zikichorwa kwenye ramani ya nyumba, 58 ziko kuta za nje na 13 tu ndani. Kati ya zile 58, kuta za magharibi zina 29, za mashariki 12, kaskazini 10, kusini 7. Ukuta wa magharibi ni robo ya kuta za nje na umebeba nusu ya nyufa. Saruji ileile, mchanga uleule, fundi yuleyule. Kilichobadilika ni upande.

Daftari la kila siku la msimamizi linajibu sehemu iliyobaki. Malori humwaga mchanga upande wa barabara, na barabara iko mashariki mwa nyumba zote. Mafundi huanza karibu na lundo asubuhi, wanazunguka nyumba, na wanafika ukuta wa magharibi saa nane au saa tisa mchana. Ukuta huo umeshapikwa na jua. Unafyonza maji ya lipu kutoka nyuma, na jua linayavuta kutoka mbele, wakati saruji inayahitaji maji hayo ili ikomae. Upande wa mashariki nao ulipigwa juani, lakini ni jua la asubuhi, na ifikapo mchana uko kivulini. Kisha usiku unapita, siku ya pili inafika, na hakuna wa kumwagilia.

Kwa hiyo mifupa mitatu iliyoonekana midogo na mbalimbali, yaani mahali pa kumwaga mchanga, mpangilio wa kuzunguka nyumba na namna ya kulipa, imekutana kwenye ukuta mmoja. Hakuna mtu kikaoni aliyeitaja barabara. Ilijitokeza pale data ilipowekwa juu ya mchoro, na ilibidi ichorwe humo baadaye kama mfupa mpya. Mchoro wa samaki uliobandikwa ukutani ukiwa safi bila kuongezwa wala kufutwa kitu tangu siku ya kikao haujatumika.

Bado hatujathibitisha. Tunacho kisa kinachoingia akilini, na visa vinavyoingia akilini huwa na tabia ya kutuliza watu mapema. Kwenye awamu ya pili, nyumba 10 zinapigwa lipu kwa utaratibu mpya: kazi inaanzia magharibi asubuhi, ukuta unalowanishwa kabla, lipu haizidi milimita 15 kwa tabaka moja, wavu wa waya unapigiliwa kwenye maungio ya tofali na zege, kila nyumba ina pipa lake la maji, na kibarua mmoja analipwa kumwagilia tu, asubuhi na jioni kwa siku 7. Nyumba nyingine 10 zinaendelea kwa mtindo wa zamani, katika majuma yaleyale. Kulinganisha nyumba mpya za msimu wa mvua na zile za kiangazi kungeipa sifa dawa iliyofanyiwa kazi na mawingu. Zote zinakaguliwa siku ya 60 tangu lipu ipigwe, na mtu yuleyule, kwani mkaguzi mkali na mkaguzi mpole wanaweza kutoa chati mbili kutoka ukuta mmoja.

Tuseme nyumba za mtindo wa zamani zimetoa nyufa za wavu 17 na za ukingo 11, karibu kiwango kilekile cha awamu ya kwanza, na hizo mpya zimetoa 4 na 2. Hapo msimamizi ana haki ya kuzipeleka nyumba 40 zilizobaki kwenye utaratibu mpya, na ana hoja mbele ya mkandarasi anayelalamikia posho ya kibarua wa maji. Kama nyumba mpya zingetoa 15, ilibidi kurudi kwenye mchoro na kuchukua tuhuma inayofuata, labda ile ya ndoo zisizolingana, ambayo hadi sasa hatujaigusa.

Halafu chati ya kwanza inachorwa tena, kwa aina zote saba za kasoro. Mstari wa kushoto uanzie na kuishia palepale pa chati ya zamani, la sivyo nguzo fupi za sasa zitaonekana ndefu kama za jana, na msomaji hataona kilichopungua. Mabomba nayo yameshuka tangu pampu ya majaribio ianze kutumika. Upande wa kushoto kabisa sasa zimesimama marumaru, na kikao kijacho kichwa cha samaki kitakuwa chao. Kabla ya kikao hicho mtu ashike nyundo ndogo ya mbao apite sakafu kwa sakafu, agonge kila kipande na kuandika ni wapi panapotoa utupu: pembeni, katikati, mlangoni, au chumba kizima.